Tusi Likivaa Tai

Waulize wasee wanaofuatilia mapambano ya marapa wakwambie mstari mbovu zaidi ni upi, na wengi watakujibu bila kufikiria: ule wa matusi ya nguoni. Mtu akisimama mbele ya umati, akapewa maiki na dakika moja, kisha akaitumia dakika hiyo kumtaja mamake mwenzake na viungo vya mwili, watu humwonea huruma. Ameishiwa. Lakini mwenzake akimrudishia dharau kwa fumbo, neno moja likibeba maana mbili, umati unaruka, mikono juu, mtu anamshika jirani yake bega na kuuliza, “Umeskia hiyo?” Dharau ni dharau, lakini hii ya pili imevaa tai.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Tunasema mstari wa kwanza ni mchafu na wa pili ni sanaa. Sawa. Lakini je, werevu unasafisha tusi? Ama tunajidanganya tu kwa sababu tumecheka? Mtu aliyedharauliwa kwa ustadi bado amedharauliwa, na pengine ameumia zaidi, kwa sababu tusi la kawaida husahaulika kufikia asubuhi, ilhali mstari mkali utamfuata mtaani mwezi mzima.

Tusianze na maadili. Tuanze na kazi yenyewe, jinsi mstari wa kujibu unavyotengenezwa, kwa sababu nadhani jibu limefichwa humo ndani.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu kufoka kwa Kiswahili ni kwamba vina ni rahisi. Karibu kila neno letu huishia kwa irabu, na vitenzi vingi mno huishia kwa “a”. Mtu anaweza kuimba “nimefika, nimeandika, mmeshtuka, mmechoka” hadi kesho, na vina vitakubali tu. Rapa wa Kiingereza akipata vina viwili vinavyofanana silabi tatu tatu, amefanya kazi. Sisi lugha yetu inatugawia hivyo bure. Kwa hiyo vina peke yake havithibitishi chochote, na umati wa Nairobi unajua hivyo. Kalamashaka wa Dandora walipojitokeza mwishoni mwa miaka ya 1990, wakifoka kwa Kiswahili na Sheng bila kuomba radhi, kilichowashangaza watu hakikuwa vina. Ilikuwa ni uzito wa kilichosemwa na namna maneno ya kawaida yalivyopinda mdomoni mwao.

Ustadi wa Kiswahili uko kwenye maneno yenye maana mbili, nayo ni mengi ajabu. Kaa ni mnyama wa pwani, ni kipande cha makaa, ni amri ya kuketi, na mtaani ni “kama”. Ua hupamba, huzunguka boma, na pia huua. Chungu hupikia, hutembea kwa mstari kuelekea sukari, na huharibu ladha. Rapa mzuri hutembea na maneno kama hayo mfukoni, lakini kuwa nayo hakutoshi. Kazi ni kungoja mpinzani alitumie moja kwa maana aliyoitaka yeye, kisha umrudishie kwa maana ambayo hakuitaka.

Tuchukue mfano nilioutunga kwa ajili ya makala hii. Kuna marapa wawili. Mmoja amejiita Mbuyu, ni bingwa wa wiki iliyopita, jitu la miraba minne. Mwingine ni chipukizi anayejiita Mchicha. Mbuyu anaanza:

Jana nilishinda hapa, kesho pia nitashinda,
Jukwaa hili ni langu, mlango mimi nalinda,
Mchicha huna mizizi, upepo utakuwinda,
Huu mti ni mnene, wewe huwezi kupanda.

Si mbaya. Mizani nane kwa nane, kina cha “nda” kimeshikilia hadi mwisho, na amelitumia jina la mpinzani wake. Umati unampigia makofi. Sasa maiki imepita mkono wa pili, na Mchicha ana njia tatu mbele yake.

Njia ya kwanza ni matusi ya nguoni. Siyaandiki hapa, kila mtu anayajua, na hilo lenyewe ndilo tatizo lake. Njia ya pili ni kulidaka neno “nilishinda”. Kushinda ni kupata ushindi, lakini pia ni kupitisha siku nzima mahali. Basi Mchicha anaweza kusema: kweli ulishinda, ulishinda njaa. Watu watacheka sana. Njia hii nitairudia baadaye, maana ina mtego. Njia ya tatu ni hii:

Kweli jana ulishinda, shahidi ni hiki kiti,
Mlango uliulinda, ukapokea tiketi,
Sina haja ya kupanda, shoka langu halisiti,
Nawe ulikuwa mboga, kabla hujaitwa mti.

Tazama kilichotendeka. Mbuyu alisema “nilishinda” akimaanisha ushindi, Mchicha akamjibu kwamba ni kweli, alishinda ameketi pale mchana kutwa, hata kiti kinajua. Mbuyu alisema analinda mlango, yaani hakuna anayempita. Mchicha akakubali: ndiyo, wewe ndiye uliyekuwa mlangoni ukipokea tiketi, sisi tuliingia ndani kuimba. Mbuyu alisema mti wake haupandiki, Mchicha akamwambia hana haja ya kupanda mti anaoweza kuukata. Na mstari wa mwisho unaamsha methali ambayo kila Mswahili anaijua kuhusu mwanzo wa mbuyu, bila hata kuitamka. Umati wenyewe ndio unaoimalizia kichwani. Tena msikilizaji makini atagundua kwamba kile kina cha “nda” alichokitumia Mbuyu mwisho wa mistari yake kimehamia katikati ya mistari mitatu ya Mchicha, mahali tunapopaita kina cha kati. Ni kama kuichukua fimbo ya mtu ukaifanya boriti ya nyumba yako.

Sasa hesabu: ni jambo gani ambalo Mchicha amelileta mwenyewe kutoka nyumbani? Karibu hakuna. Kushinda, kulinda, kupanda, mti, vyote vililetwa na Mbuyu. Hakutaja unene wake, ambao ulikuwa mbele ya macho ya kila mtu na ungemletea kicheko cha haraka. Hakumtaja mama wala kabila wala sura. Amempiga kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe kuyasema.

Hiki ndicho kipimo cha kwanza, nacho ni cha ufundi kabla hakijawa cha maadili: badilisha mpinzani uone kama mstari bado unafanya kazi. Matusi ya nguoni yanafanya kazi kwa kila mtu, kwa sababu kila mtu ana mama. Unaweza kuyaandika Jumatatu, ukayatumia Ijumaa kwa yeyote atakayesimama mbele yako. Jibu la Mchicha haliwezi. Ukimwambia rapa ambaye hakusema “nilishinda hapa”, hakuna anayeelewa kiti kimeingiaje. Ndiyo maana umati unaruka. Haurukii fumbo peke yake, unarukia ushahidi kwamba huyu kijana alikuwa anasikiliza. Katika sekunde ambazo wengi wetu tungekuwa tunatetemeka tukikumbuka mistari tuliyoipika nyumbani, yeye alimpa adui yake usikivu wote.

Ukifikiria vizuri, hiyo ni heshima ya aina fulani. Ni ya ajabu, imefungwa ndani ya dharau, lakini ipo. Mtu anayekutusi kavukavu hahitaji kukusikia. Anayekujibu amelazimika kukusikia hadi neno la mwisho.

Historia ya mchezo huu inaunga mkono jambo hili. Wapenzi wa kufoka hupenda kutaja usiku mmoja wa Desemba 1981 katika ukumbi wa Harlem World jijini New York. Busy Bee Starski alikuwa bingwa wa kuchangamsha watu. Anaita, umati unaitikia, basi. Kool Moe Dee alipopanda jukwaani baada yake, alichokishambulia ni ile ile namna ya Busy Bee ya kuimba: akauchukua mtindo wake wa kuitana na umati, akaufanya mada, akaonyesha kwamba ndani yake hakuna kitu. Kaseti za usiku ule zikasambaa mkono kwa mkono, na wengi huuona kuwa ndio usiku ambao mashairi yalianza kuhesabiwa kuliko kelele. Alichopigwa nacho Busy Bee ni kazi yake mwenyewe.

Hata hivyo, hatuhitaji kwenda Harlem kutafuta mizizi. Kwenye pwani yetu kujibizana kwa mashairi ni jambo la kale. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi karibu mwaka 1840, alirushiana tungo na washairi wa Lamu, miji ilipokuwa ikigombea nguvu. Na katika utamaduni huo wa kujibizana, aliyejibu alitarajiwa kuifuata bahari ya mwenzake, na mara nyingi hata vina vyake. Fikiria maana yake. Kabla hujamshinda mtu, unakubali kwanza kuingia nyumbani kwake na kucheza kwa vipimo vyake. Matusi hayana sharti kama hilo.

Lakini nisikuuzie ndoto. Tungo zile hazikuzuia vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 majeshi ya Mombasa na Pate yalipigana na Lamu pale Shela, na watu wengi wakafa. Ushairi ulikuwa ni sehemu ya ugomvi, si dawa yake. Kwa hiyo yeyote atakayekwambia kwamba fumbo ni ustaarabu na tusi ni ushenzi, na kwamba ukichagua la kwanza uko salama kimaadili, muulize Shela iko wapi kwenye hesabu yake.

Ama mtajie neno lililo karibu zaidi na sisi: madoadoa. Kwa sura yake ni neno zuri, karibu la kishairi. Linajirudia lenyewe, lina picha ndani yake, ya kitambaa kilichochafuka hapa na pale. Hakuna tusi humo. Ungeweza kulitamka mbele ya nyanya yako. Lakini kila Mkenya aliyekuwa na masikio wakati wa machafuko baada ya uchaguzi wa 2007 anajua lilitumiwa kuwaelezea nani: majirani wa kabila lingine, wanaoonekana kama madoa kwenye ardhi ambayo mtu ameamua ni yake. Na doa, kila mtu anajua, huondolewa. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi wa 2022, madoadoa ilikuwemo. Humo humo kulikuwa na “hatupangwingwi”, msemo wa mtaani ambao wimbo wa vijana uliufanya maarufu na wanasiasa wakaudaka. Wengi walicheka orodha ile, hasa kwa sababu ya neno hilo la pili, na labda walikuwa na haki ya kucheka. Madoadoa lakini haichekeshi.

Kwa hiyo sasa tuna tatizo. Tulianza tukidhani mstari wa kugawanya mema na mabaya unapita kati ya tusi kavu na fumbo. Madoadoa ni fumbo kamili: picha, maana mbili, hadhira inayomalizia kichwani kile kisichotamkwa. Kiufundi inafanya kile kile alichofanya Mchicha kwa methali ya mbuyu. Kama werevu unasafisha, basi madoadoa ni safi. Na tunajua si safi. Werevu hausafishi kitu.

Basi tofauti iko wapi? Nadhani iko kwenye zamu.

Mchicha akimaliza mistari yake, maiki inarudi kwa Mbuyu. Hilo ndilo jambo ambalo mchezo mzima umejengwa juu yake, na kwa kuwa ni la kawaida sana hatulioni. Aliyepigwa yupo pale, umati unamtazama, na kila mtu anangoja kusikia atasema nini. Mstari mzuri wa kujibu unampa kazi. Unamwachia maneno ya kudaka: kiti, tiketi, shoka, mboga. Mbuyu akiwa macho atasema shoka lisilo na mpini ni chuma cha kuuza kwa kilo, ama atauliza tiketi ya Mchicha iko wapi, maana yeye ndiye aliyekuwa mlangoni na hamkumbuki. Mchezo unaendelea. Lakini mtu aliyeitwa doa hayupo jukwaani. Hana maiki, hana zamu, na hata angepewa, angejibu nini? Kwamba yeye si doa? Hadhira haijaitwa isikilize jibu lake. Imeitwa ifanye jambo.

Tena angalia kinachotokea tusi likigusa kitu ambacho mtu hakukichagua. Ukinisema kwa kabila langu, nitajibu vipi? Nikisema kabila langu ni zuri, nimekubali kwamba hilo lilikuwa swali. Nikikutukana kwa kabila lako, nimekuwa wewe. Nikinyamaza, umeshinda. Hakuna mlango wa kutokea. Lakini ukinipiga kwa neno nililolisema, neno ni langu, naweza kulichukua tena, kulipindua, kulikana, hata kulicheka. Ndiyo maana nasema kumpiga mtu kwa maneno yake kunamwacha akiwa bado mtu anayesema. Kumpiga kwa alivyozaliwa kunamgeuza kuwa kitu kinachosemwa.

Sasa turudi kwa ile njia ya pili niliyosema ina mtego: “kweli ulishinda, ulishinda njaa.” Kwa kipimo cha kwanza inapita. Neno limetoka kwa Mbuyu, limepinduliwa vizuri, na msemo wa kushinda njaa ni Kiswahili halisi. Ni fupi, ni kali. Kwa nini basi nisite?

Kwa sababu inategemea kama ni kweli. Mwanaisimu Mmarekani William Labov, aliyechunguza lugha ya vijana weusi wa Harlem mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1972, aliona jambo ambalo watoto wa Eastlands wanalijua bila kusomea. Katika mchezo wao wa kutusiana, unaofanana sana na mchongoano wetu, tusi la mchezo ni lile ambalo kila mtu anajua si kweli. Likiwa si kweli waziwazi, anayetusiwa hajitetei, anatafuta kubwa zaidi. Lakini likigusa ukweli, ama likikaribia tu, anaacha kucheza na kuanza kukana: “Hapana, si hivyo.” Hapo ndipo unapojua mchezo umevunjika.

Jaribu na mchongoano wowote. Nikikwambia nyumba yenu ni ndogo hadi jua likiingia nyinyi mnatoka, hutaniletea vipimo vya nyumba. Utasema yetu angalau jua linaijua, yenu hata giza halipati pa kukaa. Twende kazi. Lakini nikikwambia mbele ya wenzako kwamba mwenye nyumba aliwafungia mlango jana kwa sababu ya kodi, na kweli aliwafungia, hakuna atakayecheka zaidi ya sekunde moja. Sentensi haina tusi hata moja ndani yake. Ni taarifa. Na ndiyo inayokata zaidi.

Sasa Mbuyu, bingwa wetu. Kama ni mtoto wa watu wenye uwezo, ama umati unamjua kwa kula sahani mbili, “ulishinda njaa” ni mchezo na atacheka mwenyewe. Kama jana alikuja kwenye ukumbi bila kula na rafiki zake wanajua, umemvua nguo kwa neno lililopambwa. Maneno ni yale yale, herufi kwa herufi. Kilichobadilika hakimo ndani ya mstari. Ndiyo maana sidhani mtu anaweza kukaa na daftari akagawanya mistari kuwa safi na michafu bila kujua nani alikuwa amesimama mbele ya nani.

Ishara ya kutazama ni uso wa anayengoja zamu. Mtu aliyepigwa ndani ya mchezo hutazama juu, ama hutazama chini akihesabu silabi kwa vidole. Midomo yake inasogea, anatunga. Mtu aliyepigwa nje ya mchezo humtazama rafiki yake, kuona kama naye amecheka.

Kuna pingamizi ninalolisikia mara kwa mara, nalo si la kupuuzwa. Watu husema: hii ni vita ya maneno, si mchezo wa chekechea. Ukianza kuweka masharti ya huruma, utaua makali. Nadhani wanachanganya makali na uchafu. Soma tena mistari ya Mchicha. Haina huruma. Inamwambia bingwa kwamba ushindi wake ulikuwa wa kuketi, kazi yake ni ya mlangoni, na ukubwa wake ni wa mboga iliyokawia kuvunwa. Hakuna aliyemwomba Mchicha awe mpole. Masharti ndiyo yaliyompa makali, kama bahari na vina vilivyowapa washairi wa pwani ukingo wa kupigia. Ukiruhusiwa kusema lolote, utasema la kwanza lililokuja, na la kwanza kuja ni lile lililokuja kwa kila mtu.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nami sina njia ya kulimaliza. Nimemsifu Mchicha kwa kutomgusa Mbuyu isipokuwa kwa maneno yake. Lakini kuna mtu mwingine kwenye ule mstari wa pili: yule anayepokea tiketi. Yupo kweli. Kila ukumbi una kijana mlangoni, amesimama tangu saa kumi jioni, analipwa kidogo, na anasikia muziki kupitia ukuta. Mstari ulipopiga, umati uliruka kwa sababu kazi yake ni dharau inayoeleweka bila maelezo. Hakuwa kwenye pambano. Hakusema neno lolote ambalo lingeweza kupinduliwa. Na hana zamu.

Hiyo si madoadoa, wala sitaki kuzipima kwa mizani moja. Hakuna atakayemfukuza mtu nyumbani kwa sababu ya mstari wa tiketi. Lakini umbo lake ni lile lile kwa udogo: mtu wa tatu, asiye na maiki, ametumiwa kama kifaa cha kumpigia mwingine. Na ukianza kumtafuta mtu wa tatu, utamkuta kila mahali. Rapa akimwita mwenzake “msichana” ili kumdharau, mwenzake anaweza kujibu, ana zamu. Wasichana walio kwenye umati hawana. Akimfananisha na kichaa, mtu mwenye kakake aliyelazwa Mathari amelipia tiketi kusikia hayo. Wao ndio wanaolipia kicheko, na pambano likiisha hakuna anayewauliza alama ngapi.

Mchicha angeweza kuepuka? Nadhani angeweza, na mstari usingepoa. “Mlango uliulinda, nikapita na tiketi.” Jaribu kuhesabu: nane kwa nane, kina kimebaki. Maana imegeuka kidogo tu. Sasa Mbuyu si duni kwa sababu amesimama mlangoni. Ameshindwa kwa sababu alidai hakuna atakayepita, na mtu amepita mbele yake, kwa haki, akiwa na karatasi mkononi. Dharau imerudi pale ilipostahili, kwenye majigambo. Kijana wa mlangoni anaweza kucheka na wengine, kwa sababu yeye anajua kazi yake ni kumpitisha mwenye tiketi.

Ni tofauti ya neno moja. Kulipata kunachukua sekunde ambazo jukwaani huna, na ndiyo maana wengi hawalipati, na ndiyo maana anayelipata tunamkumbuka.